Meza Imehama, Haijafungwa: Kumbukumbu ya Tangazo la Meza ya Ndagala, Baraka

Tangazo la kuhama kwa meza ya soko humwambia mteja wa kawaida meza inakwenda wapi, itaanza lini huko, na njia ya kuifikia. Katika mji wa Baraka, ulio kando ya Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi, tangazo la namna hiyo lilipata kuwa jambo la lazima kwa wauzaji wengi wa ufukweni. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba, bustani na vibanda, kuanzia Uvira na Bujumbura hadi Kalemie na Kigoma. Mwaka 2024 yalipanda tena. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea maji, nayo ni mto Lukuga unaotoka Kalemie, kwa hiyo likijaa huchukua muda mrefu kupungua. Kila mwaka maji hupanda pamoja na mvua na kufikia kilele mwezi wa nne au wa tano, kisha hushuka taratibu wakati wa kiangazi. Muuzaji ambaye meza yake iko karibu na maji huanza kuona mchanga unapungua mwezi wa pili au wa tatu, na hapo ndipo hesabu ya kuhama inapoanza.

Kumbukumbu zilizomo humu zinahusu meza moja ya ndagala kavu iliyohamishwa mwaka 2024 kutoka upande wa maji kwenda ng'ambo ya barabara kubwa, upande wa mlimani. Mwenye meza alikuwa mama mwenye asili ya rasi ya Ubwari, ile nchi kavu inayoonekana ng'ambo ya ghuba, naye sokoni alijulikana kwa jina moja tu: Mama Ubwari.

Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kuandika. Alihakikisha kwamba nafasi mpya ni yake. Mahali pa meza sokoni hupatikana kwa wasimamizi wa soko, na muuzaji hulipa takse kila siku anapopanga bidhaa zake. Ahadi ya mdomo ya nafasi haitoshi kutangaziwa watu. Wako wauzaji waliotangaza mahali papya kwa kuahidiwa tu, na siku ya kuhama wakakuta mtu mwingine ameshapiga miti yake hapo. Tangazo la pili linalosahihisha la kwanza huwafikia watu wachache kuliko lile la kwanza, kwa sababu aliyekwisha kusikia habari huona ameshajua, hasikilizi tena. Kwa hiyo mama huyu alilipia nafasi, akasimamisha miti minne na kufunga turubai, akaacha mtoto wa dada yake akae hapo siku kadhaa akiuza chumvi na sabuni. Kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kumhamisha, mahali pale palifaa kuandikwa.

Tarehe ndiyo sehemu ambayo wauzaji wa ndagala huifikiria kwa undani kuliko wauzaji wengine, na sababu yake ni mwezi wa angani. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, taa huvuta samaki kuja juu, na wavuvi hurudi alfajiri na mzigo. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hupotea katika mwanga wa mwezi, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika na kutengeneza nyavu. Soko hufuata mwendo huohuo: wiki za giza kuna ndagala tele, bei nafuu na wateja wengi, siku za mbalamwezi meza huwa na kidogo kilichobaki, na wanunuzi wa mbali hawaji.

Mwezi wa Aprili 2024 giza lilikuwa tarehe 8, na mwezi mpevu ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 24. Mama Ubwari alipanga kazi yake kwa kalenda hiyo. Alianza kutangaza katika wiki ya giza, wakati wateja wote walikuwa wanapita mbele ya meza yake. Alihama katika siku za mbalamwezi, wakati hakukuwa na mauzo ya kupoteza. Akaanza kuuza mahali papya Jumatatu tarehe 29 Aprili, mbalamwezi ikiwa inapungua na wavuvi wanakaribia kurudi majini. Giza lililofuata, la tarehe 8 Mei, lilimkuta ameshatulia.

Hesabu hiyo ina jambo ambalo ni rahisi kulipuuza. Mtu angeweza kusema kwamba siku za mbalamwezi, kwa kuwa hakuna haraka, ndizo nzuri za kutangaza. Ni kinyume chake. Siku hizo anayepita ni jirani, na jirani hahitaji tangazo. Atauona mti wa turubai kwa macho yake. Anayehitaji tangazo ni yule anayekuja mara moja kwa mwezi: mama wa Ubwari anayevuka ghuba kwa boti, mchuuzi anayeshuka kutoka Fizi kuchukua magunia mawili, mfanyabiashara wa Lulenge ambaye barabara ya mvua humchelewesha. Watu hao hufika wakati wa giza, kwa sababu ndipo mzigo unapopatikana. Kwa hiyo tangazo la meza ya ndagala linapaswa kukaa mahali pa zamani kwa mzunguko mzima wa mwezi, takribani siku 29 na nusu, kabla ya kuhama, au angalau kugusa giza moja zima, na kubaki hapo mzunguko mwingine baada ya kuhama. Likikaa wiki moja tu, linakuwa limewaambia wale wanaokuja kila wiki na kuwaacha wote wengine.

Baada ya tarehe kuna njia, na hapa ndipo matangazo mengi huharibika. Meza nyingi za Baraka hazina namba wala anwani inayomsaidia mgeni. Muuzaji anayeandika huwa amesimama kwenye meza yake ya zamani, na kwake maneno "upande wa kushoto" yana maana moja tu. Kwa wateja hayana. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inafuata ufuko kuelekea kusini, inapita Baraka, kisha inaacha ziwa na kupanda kwenda Fizi. Anayetoka Uvira analo ziwa mkono wa kushoto. Anayeshuka kutoka Fizi analo mkono wa kulia. Aliyekuja kwa boti ameliacha mgongoni. Neno "kushoto" likiandikwa kwenye ubao, watu watatu watakwenda pande tatu, na kila mmoja atakuwa amelifuata tangazo barabara.

Dira isiyobadilika mjini hapa ina pande nne, na kila mkaaji anaijua tangu utotoni: ziwani, mlimani, upande wa Uvira, upande wa Fizi. Ziwa liko mashariki na milima iko magharibi, zote mbili zinaonekana kutoka karibu kila njia. Mtu akisimama popote na kuambiwa "elekea mlimani", hageuki mara mbili. Tangazo lililoandikwa kwa dira hiyo humfaa kila mteja bila kujali alikotokea, na humfaa pia asiyejua kusoma, kwa sababu aliyesomewa anaweza kulishika kichwani na kulirudia kwa mwingine bila kulipotosha.

Mahali pa kuanzia napo panahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Wateja wa boti walizoea kuelekezwa kuanzia pale mitumbwi inapofunga, lakini mwaka ule mahali pa kufunga palikuwa panasogea kila maji yalivyopanda. Maelekezo yanayoanzia sehemu inayohama hayana mguu wa kusimamia. Mama Ubwari aliwaanzishia wote kwenye barabara kubwa, kwa kuwa kila mtu, awe ametoka majini au amekuja na pikipiki, lazima aifikie au aivuke.

Zilibaki alama za njiani. Maandishi ya kwanza yalifanywa na kijana wa shule, kwa mwandiko mzuri, kwenye karatasi ya daftari. Yalikuwa na jina kamili la mwenye meza kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, yakasema kwamba meza ni ya tano kutoka kona, chini ya turubai jeupe. Makosa yake yalijitokeza haraka. Jina lile hakuna mteja aliyelijua; mama mmoja alisimama mbele ya karatasi, akasomewa, akauliza huyo ni nani. Maturubai meupe yako kila mahali katika sehemu ambayo mashirika ya misaada yamefanya kazi kwa miaka mingi, hata kabla ya wakimbizi wa Burundi kuanza kupokelewa Lusenda mwaka 2015. Na meza ya tano ilikuwa ya saba kabla ya wiki kwisha, maana nafasi iliyo wazi sokoni haikai wazi. Mwishowe mvua ya Aprili iliiloanisha karatasi na wino ukachuruzika, ikabaki alama ya buluu isiyosomeka.

Maandishi ya pili yalipakwa rangi ya mafuta juu ya ubao mfupi uliotolewa kwenye mtumbwi uliochakaa, na yalisomeka hivi:

NDAGALA ZA MAMA UBWARI
MEZA IMEHAMA. HAIJAFUNGWA.
Kuanzia Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024, asubuhi.
Nenda barabara kubwa, uivuke kuelekea mlimani.
Fuata njia ya mashine ya kusaga mihogo.
Meza inatazamana na mlango wa mashine, upande wa Uvira.
Ukipotea, uliza: Mama Ubwari wa ndagala.
Daftari la madeni na la akiba ni lilelile.

Kila mstari wa ubao huo una sababu yake. Jina limetangulia, nalo ni lile linalotamkwa na wateja. Mstari wa pili unajibu swali la kwanza la mtu anayekuta meza tupu, yaani kama mwenye meza amekufa, amehama mji au amefilisika. Katika nchi ambayo watu wamekimbia vita mara nyingi, meza tupu haichukuliwi kuwa jambo dogo, na mteja aliyekwisha kuamini kwamba muuzaji ameondoka hamtafuti tena. Tarehe imeandikwa pamoja na siku ya wiki, kwa kuwa wengine hushika siku na wengine hushika tarehe, na zikiandikwa zote mbili kosa la mwandishi huonekana upesi: tarehe na siku zisipolingana, msomaji atauliza.

Mashine ya kusaga ni alama bora kuliko mti au kanisa kwa sababu mbili. Haihamishwi kirahisi, na inasikika. Mteja anayekaribia husikia injini kabla ya kuiona. Inayo kasoro moja: mafuta yakikosekana au injini ikiharibika, kimya kinaingia. Ndiyo maana ubao ulitaja mlango wa mashine, ambao hubaki pale hata injini ikiwa imezimwa. Meza nayo haikuhesabiwa. Ilielezwa kwa kitu kinachotazamana nayo. Meza kumi zikiongezeka kando yake, bado inatazamana na mlango uleule.

Mstari wa mwisho uliwekwa kwa ajili ya pesa. Wateja wa kawaida wa ndagala ni watu wa mkopo. Mwenye hoteli ndogo huchukua kopo kadhaa na kulipa mwisho wa wiki; mchuuzi wa Fizi huacha falanga za awali ili gunia lake liwekwe kando. Kuhama hutikisa pande zote mbili. Mdaiwa anaweza kusema hakuiona meza, na aliyetanguliza pesa anaweza kulala na wasiwasi kwamba ameibiwa. Kutaja daftari hadharani kunawatuliza hawa wa pili na kuwakumbusha wale wa kwanza bila kumtaja mtu.

Ubao peke yake, hata uandikwe vizuri namna gani, haufanyi kazi yote. Huko Baraka habari hutembea kwa mdomo zaidi kuliko kwa maandishi, na mbebaji mkuu wa tangazo ni mtu anayebaki jirani na meza ya zamani. Mama Ubwari alimwachia jirani yake, muuza mafuta ya mawese ambaye meza yake ilikuwa juu kidogo ya maji, kazi ya kuelekeza. Hakumwomba tu; kila alipopokea mteja aliyetumwa na jirani huyo, alimpelekea kopo la ndagala jioni. Uchaguzi wa jirani una uzito wake. Akiwa muuza ndagala pia, atakuwa na sababu ya kusema "huyo alishaacha kuuza, njoo kwangu", na maneno hayo yalisemwa kweli na mwingine upande wa pili wa njia. Jirani mwenye bidhaa tofauti hapotezi chochote kwa kumtuma mteja mbele.

Maneno ya kuelekeza yalikuwa mafupi na yalifundishwa yaleyale kwa kila mbebaji: "Vuka barabara, nenda mlimani, mlango wa mashine." Waendesha pikipiki wanaosubiri abiria karibu na soko walifundishwa hivyohivyo, maana mgeni mwenye mzigo huwauliza wao kwanza. Mabaharia wa boti za Ubwari waliyabeba ng'ambo kwa Kibembe, na Jumapili yalisomwa kanisani baada ya ibada, mahali ambapo tangazo husikilizwa na watu waliokaa kimya. Simu ilisaidia kwa wafanyabiashara wakubwa tu. Ujumbe mfupi wa maandishi hufika vizuri mtandao unapokuwapo, ila simu nyingi vijijini hutumiwa na nyumba nzima, na ujumbe ukisomwa na mtoto huishia kwa mtoto. Kwa wateja wa namna hiyo kupiga na kusema kulifaa zaidi kuliko kuandika.

Jinsi ya kujua kama tangazo limefika ni somo ambalo meza hii ililitoa waziwazi. Mauzo ya siku hayatoshi kuwa kipimo, kwa kuwa mahali papya huleta wapita njia wapya, na fedha yao huficha pengo la wateja wa zamani. Kabla ya kuhama, wateja wote wa kudumu waliandikwa katika ukurasa wa nyuma wa daftari la madeni, kila mmoja kwa jina la sokoni na kwa mahali anapotoka. Kila aliyefika kwenye meza mpya alipigiwa mstari, na aliulizwa swali moja: "Mama, nani amekuelekeza?" Jibu liliandikwa kando ya jina.

Giza la Mei lilipokwisha, ukurasa ulionyesha jambo bayana. Karibu wote wa mjini walikuwa wamepigiwa mstari, na wengi wao walielekezwa na muuza mawese. Wa Ubwari walifika kwa maneno ya mabaharia. Pengo lilikuwa kwa wale wa kutoka Fizi na Lulenge: barabara ilikuwa mbaya kwa mvua, hawakushuka wakati wa giza la Aprili, kwa hiyo hawakulikuta tangazo lolote. Kwao alitumwa mchuuzi anayepanda Fizi na vikwembe, akiwa na majina mkononi. Wachache hawakurudi kabisa. Walikuwa wameshapata meza nyingine karibu na ufuko, na walipopatikana walisema wazi kwamba njia ya kupanda na mzigo mpaka mlimani iliwashinda. Tangazo haliwezi kufupisha njia. Meza ikihamia mbali na boti, sehemu fulani ya wateja wa boti itapotea hata waambiwe kwa lugha gani, na muuzaji afadhali alipime hilo kabla ya kulipia nafasi kuliko kulilaumu tangazo baadaye.

Mambo huwa tofauti pale soko zima linapohama. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na Kariakoo ya Dar es Salaam ikaungua tarehe 10 Julai 2021. Katika misiba hiyo mji mzima ulijua kwamba soko limetoka mahali pake, lakini mteja hakujua muuzaji wake amekwenda wapi miongoni mwa mamia waliotawanyika. Moto hautoi siku 29 za kutangaza. Aliyekuwa na orodha ya wateja nyumbani angeweza kuwatafuta. Ambaye daftari lake lilikuwa chini ya meza, daftari hilo lilikwenda na meza. Maji ya ziwa yana upole huo mmoja, kwamba hutanguliza dalili.

Lipo suala la mwisho, ambalo ni la muda wa kuhama. Wauzaji kadhaa wa ufukweni waliandika kwamba wamehama "mpaka maji yashuke". Ni maneno ya matumaini, na yanawagharimu. Mteja akisoma hivyo huona mahali papya ni pa kupita tu, hajisumbui kupazoea, na kiangazi kinapoanza hurudi ufukweni kuangalia. Maji hushuka kwa miezi, si kwa siku, na yanaposhuka huacha tope na miti iliyooza, kisha mvua za mwaka unaofuata huyapandisha tena. Muuzaji ambaye hajui siku ya kurudi asiandike kurudi. Siku akiipata, ataandika tangazo jingine kwa utaratibu uleule: nafasi ithibitishwe, giza moja lipite, ubao ukae pande zote mbili.

Ubao wa Mama Ubwari ulibaki umepigiliwa kwenye mti wa meza ya zamani hadi mwisho wa Mei, ambapo maji yalikuwa yamefika chini yake na wateja walilazimika kuusoma kutoka barabarani. Ulipotolewa, uligeuzwa upande wa pili na kupakwa bei ya kopo.